Nimemrekodi bibi akisimulia walivyohamishwa 1974, nikachora. Sasa simulizi yake imebadilika. Nimekosea wapi?

Penseli_Butu (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Natengeneza filamu fupi ya michoro kutokana na sauti ya bibi yangu. Yeye ni wa Manyoni. Mwaka 1974, akiwa na miaka tisa, familia yao ilihamishwa kwenye operesheni ya vijiji. Desemba nilimrekodi siku mbili, nikapata saa 2 na dakika 40. Nikazikata hadi dakika 4 na sekunde 20, kisha mimi na rafiki yangu tukaanza kuchora anachokisema.

Mwezi wa sita nikampelekea laptopu aone. Akacheka, akasema hiyo nyumba si yao. Tulikuwa tumechora msonge wa nyasi, yeye alizaliwa kwenye tembe. Hilo kosa ni letu, nimelikubali. Nikamrekodi upya kipande cha nyumba ili nirekebishe.

Sasa nasikiliza hiyo sauti mpya na hapa ndipo nilipokwama. Anasema, "lile lori jekundu likasimama penye mbuyu". Nimerudia saa zote 2 na dakika 40 za Desemba. Hakutaja rangi ya lori hata mara moja, wala mbuyu. Wekundu wa lori aliuchagua rafiki yangu ili lionekane vizuri kwenye vumbi. Mbuyu niliuweka mimi kujaza upande wa kushoto wa picha.

Je, mchoro wangu umeingia kwenye kumbukumbu ya bibi? Na nitumie sauti ipi?

Kijana_wa_Area_C
Mkuu, mbona unajitesa? Labda lori lilikuwa jekundu kweli na mchoro umemkumbusha. Mimi nikiona picha ya shule yetu ya msingi nakumbuka mambo ambayo ungeniuliza hivi hivi nisingeyasema. Na mibuyu huko Manyoni si ipo tele? Uwezekano wa kubahatisha ni mkubwa.

Neema_Vibonzo
Uzi mzuri. Naomba kuuliza, mnatumia programu gani kuchorea? Mimi nina simu tu na nataka kutengeneza katuni za watoto za kuhesabu.

Penseli_Butu
@Neema_Vibonzo tunachorea kwenye tableti, ila swali langu si hilo dada. Fungua uzi wako nitakuja kukujibu huko vizuri.

@Kijana_wa_Area_C ndiyo, mibuyu ipo. Lakini huu wa kwangu una tawi moja lililovunjika, na bibi kwenye sauti mpya anasema "ule mbuyu wenye tawi lililoanguka". Hapo ndipo niliposhtuka.

Kijana_wa_Area_C
Dah. Hilo la tawi sina jibu nalo.

Fundi_Fremu
Nimefanya kazi hii ya kuchora juu ya sauti za watu kwa miaka kadhaa, niruhusuni niandike kwa kirefu.

Kosa halikuwa kumwonyesha. Mwenye simulizi ana haki ya kuona. Ulimwonyesha kabla hujamaliza kumuuliza. Mtu akishaona picha, kila swali utakalomuuliza baadaye litapita kwenye hiyo picha. Kwa hiyo maswali yote ya macho yaulizwe mwanzoni kabisa, wakati hakuna hata mstari mmoja uliochorwa.

Na wengi wetu hatuyaulizi kwa sababu tunahoji kama watu wa redio au magazeti: nini kilitokea, nani alisema nini, ulijisikiaje. Mchoraji anahitaji kingine. Mlango ulitazama wapi? Ulikuwa umekaa au umesimama? Moshi ulikuwa upande gani? Ulikuwa umeshika nini mkononi?

Filamu ya Denmaki ya mwaka 2021, Flee, ni somo zuri hapa. Mwongozaji wake, Jonas Poher Rasmussen, alitokea kwenye redio. Anayehojiwa ni rafiki yake tangu ujana, Mwafganistani aliyekimbia Kabul, akapitia Moscow hadi Denmaki, na kwenye filamu anaitwa Amin, jina la kumficha. Rasmussen alimlaza chini, akamwambia afumbe macho na asimulie kana kwamba jambo linatokea sasa hivi, akianzia na mahali: nyumba ilikuwaje, kuna nini karibu nawe. Kwenye filamu yenyewe unamwona amelala, tena wakati mwingine anashindwa kuendelea na kazi inasimama. Mbinu ile ilimpa mchoraji vitu vya kuchora vilivyotoka kwa msimulizi mwenyewe. Wewe ulipewa sentensi ya nyumba, ukapungukiwa, ukachukua msonge kutoka kichwani mwako.

Penseli_Butu
Ni kweli kabisa. Kuhusu nyumba nilikuwa na sentensi moja tu: "Nyumba yetu ilianguka uji ukiwa mekoni." Niliipenda mno hiyo sentensi hata sikuuliza nyumba ilikuwa ya namna gani.

Mjuzi_wa_Sinema
Flee ndiyo filamu ya kwanza ya makala kuchorwa, ndiyo maana iliweka historia Oska. Na siri ya hizi filamu ni moja: wanampiga mtu video kwanza kisha wanachora juu ya video fremu kwa fremu. Mleta uzi angempiga bibi video, asingepata shida yoyote.

Fundi_Fremu
Historia iliyowekwa ni nyingine mkuu. Kwenye Oska za 2022 Flee iliteuliwa kwa pamoja kama filamu ya kimataifa, kama makala na kama katuni, jambo ambalo halikuwa limetokea. Ya kwanza siyo. Ari Folman alitoa Waltz with Bashir mwaka 2008, kuhusu wanajeshi wa Israeli waliokuwa Lebanoni mwaka 1982 na yeye mwenyewe asiyekumbuka alichokiona. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1918 Winsor McCay alichora kuzama kwa meli ya Lusitania ya mwaka 1915 kwa sababu hakukuwa na kamera iliyoipiga picha. Hiyo haikujengwa juu ya mahojiano yaliyorekodiwa, ila sababu ya kuchora ni ileile.

Na Waltz with Bashir, ambayo watu wengi hudhani ilichorwa juu ya video, haikufanywa hivyo. Walipiga video ya mahojiano studio, wakaipanga kama filamu, halafu wakachora upya wakiitazama kama kielelezo. Tena hata kama ungechora juu ya video, video ya bibi amekaa kwenye kiti haikuonyeshi tembe la 1974.

Mjuzi_wa_Sinema
Sawa, nimekosea kwenye ya kwanza. Lakini kwenye kumpiga video bado nasimama. Mikono ya bibi ikisimulia inaonyesha ukubwa wa vitu. Sauti peke yake inapoteza hilo.

Fundi_Fremu
Hapo umesema jambo la maana, nakuunga mkono.

Mama_Kitalu
Mimi hayo mambo ya sinema siyajui, ila 1974 nilikuwepo, nilikuwa darasa la pili, upande wa Singida. Wanangu, sisi hatukupanda lori. Mizigo ndiyo ilipanda lori, sisi tulitembea. Lakini mdogo wangu, ambaye alikuwa mgongoni kwa mama, leo anasimulia jinsi alivyopanda lori na kuku wakaruka njiani. Kuku waliruka kweli, ila hadithi ni yangu, mimi ndiye niliyemsimulia. Amesimulia mara nyingi hadi yeye amekuwemo. Simwiti mwongo.

Kwa hiyo kabla hujaulaumu mchoro wako, jiulize bibi amekaa na kina nani tangu Desemba. Ukishamrekodi mtu mzima mambo ya zamani, anakwenda kuyazungumza na ndugu zake. Labda kaka yake ndiye aliyemwambia jekundu.

Penseli_Butu
Shikamoo mama, na asante. Nimempigia babu mdogo, kaka yake bibi. Anasema lori lilikuwa kijani, na ana hakika kwa sababu lilifanana na la jeshi. Mbuyu anasema upo hadi leo, ila upo kisimani, siyo walikopakilia mizigo. Sasa nina lori la rangi mbili.

Kijana_wa_Area_C
Babu mdogo alikuwa na miaka mingapi?

Penseli_Butu
Minne.

Kijana_wa_Area_C
Basi tumerudi palepale.

Saikolojia_Kidogo
Kuna jaribio linalojulikana la Elizabeth Loftus na John Palmer, na kwa bahati lilitoka mwaka huohuo 1974. Watu walionyeshwa filamu ya magari yakigongana, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani. Waliotajiwa neno kali, magari "yalipondana", walikadiria mwendo mkubwa kuliko waliotajiwa neno laini. Baada ya wiki moja, wale wa neno kali walikuwa wengi zaidi kusema waliona vioo vimevunjika. Vioo havikuwepo. Kama neno moja linafanya hivyo, mchoro unaosogea wenye sauti yako mwenyewe utafanya nini? Kwangu mimi jibu la tawi la mbuyu liko wazi.

Mama_Kitalu
Hao walitazama filamu ya magari ya watu wengine. Bibi alivunjiwa nyumba. Sidhani ni kitu kimoja.

Saikolojia_Kidogo
Nakubali havilingani mama. Ila rangi ya lori siyo kuvunjiwa nyumba. Kiini kinaweza kubaki imara na vya pembeni vikabadilika.

Mkata_Sauti
Naongelea sauti, ndiyo kazi yangu. @Penseli_Butu, umesema ulimrekodi upya kipande cha nyumba. Nakuomba usikiunganishe katikati ya sauti ya Desemba. Kwanza kitasikika. Desemba ni msimu wa mvua huko, kuna vyura na upepo wa mvua, mwezi wa sita ni kiangazi. Hata kama umekaa chumba kilekile, ukimya wa nyuma ya sauti haufanani. Kila mahali nyumbani rekodi hata dakika moja ya ukimya mtupu, kila mtu akiwa ametulia, ndiyo utaziba nayo viungo. Na jogoo akiwika katikati ya sentensi usikate hapo, utabaki na nusu jogoo.

Pili, bibi wa mwezi wa sita ni mtu aliyekwisha kuona filamu. Anaongea kwa kujiamini, anajua unataka nini. Yule wa Desemba alikuwa anatafuta maneno. Msikilizaji atawasikia ni watu wawili.

Jambo la mwisho, funga sauti kabla hujachora. Mnachora michoro 12 kwa sekunde?

Penseli_Butu
Ndiyo, 12.

Mkata_Sauti
Basi sekunde zako 260 ni michoro 3,120, ukitoa sehemu picha inapotulia au kujirudia. Ukikata sekunde 10 baadaye umetupa michoro 120. Nimeona watu wakiacha sentensi mbovu kwenye filamu kwa sababu tu ilishachorwa na mtu alilala usiku kwa ajili yake. Panga sauti yote kwanza, isikilize umefumba macho. Ikisimama yenyewe kama kipindi cha redio, weka michoro ya penseli isiyosogea juu yake, tazama mara kadhaa, ndipo muanze kusogeza.

Na ile pumzi baada ya "uji ukiwa mekoni", kama ipo, usiikate.

Penseli_Butu
Ipo. Sekunde sita nzima. Nilikuwa nimeikata ibaki mbili.

Mkata_Sauti
Irudishe.

Mchagga_wa_Mbezi
Fundi, kwenye Flee kuna sehemu rangi zinatoweka, mnabaki na michoro myeusi kama ya mkaa, watu hawana sura. Mimi niliona ni pesa ziliisha. Kuchora sura kwa kina ni gharama.

Fundi_Fremu
Wengi wameuliza hivyo. Ukiangalia inatokea wapi, utaona mpangilio. Inakuja pale mambo yanapokuwa mazito mno kuyasema, na pale Amin anaposimulia jambo ambalo yeye hakuliona. Dada zake walisafirishwa baharini ndani ya kontena, yeye hakuwemo, anajua kwa kusimuliwa. Mchoraji angechora kontena lile kwa rangi zilezile za jikoni kwao Kabul, mtazamaji angeamini ni kumbukumbu yake. Mkaa unamwambia mtazamaji hapa hakuna jicho lililoona.

Mchagga_wa_Mbezi
Nimeelewa, lakini hujathibitisha kwamba haikupunguza gharama pia. Mambo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Fundi_Fremu
Yanaweza. Mchoro wa mkaa nao si rahisi kuusogeza, kila fremu inatetemeka, ila sitabishana.

Ninachotaka mleta uzi akichukue ni hiki: si lazima filamu yote ichorwe kwa uhakika uleule. Alichokisema bibi kwa kinywa chake Desemba, chora kwa wino mzito. Usichokijua, acha karatasi tupu. Ule mbuyu wa kujaza nafasi ndio uliokuponza, upande wa kushoto ungeweza kubaki mtupu. Na lori linaweza kuwa mistari mitupu bila rangi.

Mjuzi_wa_Sinema
Hapo ndipo nakataa, Fundi. Ukimwachia bibi lori la mistari mitupu unamwambia hakuona kitu. Kwenye sauti ya Desemba alisema nini kuhusu lori?

Penseli_Butu
Nanukuu: "Lilikuwa kubwa kama nyumba. Mimi sijawahi kuona kitu kile. Tairi lilinipita."

Mjuzi_wa_Sinema
Basi chora lori kubwa kama nyumba. Ndicho alichokiona.

Mkata_Sauti
Ukichora lori kubwa kama nyumba wakati sauti inasema "kubwa kama nyumba", umesema mara mbili. Mtu anasikia na kuona kitu kilekile, anachoka. Chora mtoto na tairi, basi. Ukubwa ataupata kwenye sauti.

Fundi_Fremu
Naongezea kwa Mkata_Sauti: shusha jicho la picha lifike urefu wa mtoto wa miaka tisa. Tairi lijaze picha, bodi ikatwe juu, wala huhitaji kuamua rangi kwa sababu bodi haionekani. Naona mlango wa kutokea uko hapo.

Saikolojia_Kidogo
Ni mlango mzuri, ila unalikwepa swali. Sauti ya pili inasema jekundu. Ukiificha unaficha kitu ambacho bibi amesema. Mtu wa kumbukumbu za taifa angekushauri zihifadhiwe zote mbili, na kila moja iandikwe tarehe yake na kwamba ya pili ilirekodiwa baada ya kuona michoro.

Penseli_Butu
Hilo nimeshafanya, mafaili ya Desemba nimeyaweka sehemu tatu na sijayagusa. Ninayokata ni nakala.

Mwana_wa_Mpwapwa
Samahanini nachelewa kuingia. Bibi anaongea Kiswahili au Kigogo? Kama kuna Kigogo mtaweka maandishi chini, na hapo michoro yenu yote ya wino mzito haitaonekana, macho yanasoma. Mimi nilifanya video ya babu yangu, watu wakaniambia hadithi nzuri lakini hakuna aliyekumbuka picha hata moja. Niliporudia nikayaweka maandishi ndani ya mchoro, ukutani, kwenye vumbi, karibu na mtu anayeongea. Ikawa afadhali kidogo.

Penseli_Butu
Karibu nusu ni Kigogo. Sikuwa nimelifikiria kabisa, asante ndugu.

Mwana_wa_Mpwapwa
Halafu tembe usilichore kama boksi tu. Paa ni bapa, miti, fito na udongo juu, unaweza kuanika nafaka. Nyumba inazunguka ua, na ng'ombe wanalala humo ndani ya ua. Likianguka halianguki kama msonge unavyoungua, linabonyea katikati, vumbi linatoka milangoni. Hiyo ndiyo picha ya sentensi yake.

Kijana_wa_Area_C
Wagogo mmeamka leo, hata tembe lina wakili wake.

Mwana_wa_Mpwapwa
Lina wakili kabisa!

Penseli_Butu
Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Nimetoka Manyoni juzi. Sikwenda na laptopu wala tableti. Nilimwambia bibi anisaidie kuelewa ua ulikaaje. Akachukua kijiti, akachora chini uani kwake. Alianza na zizi, siyo nyumba. Halafu kuta kuzunguka, milango yote ikitazama ndani, jiko pembe ya magharibi. Kwenye jiko akaweka jiwe dogo, akasema huo ndio uji. Nimepiga picha ya ardhi ile kwa juu na nimerekodi sauti ya kijiti.

Nikamuuliza lori lilisimama wapi. Hakulichora. Alifuta kwa kiganja ukuta wa upande wa mlango mkubwa, akaacha pale wazi. Sikuuliza rangi.

Mkata_Sauti
Sauti ya kijiti, ina sekunde ngapi?

Penseli_Butu
Dakika 3 na sekunde 10, pamoja na ile ya kufuta.

Fundi_Fremu
Hapo unaweza kuwa huhitaji msonge, tembe wala lori. Michoro yako ianzie kwenye udongo ule.

Saikolojia_Kidogo
Bado alikuwa ameshaona filamu mwezi wa sita. Uchoro wa kijiti nao ni wa baada.

Mama_Kitalu
Zizi hakuliona kwenye filamu yenu. Mlichora zizi?

Penseli_Butu
Hapana mama. Hatukuchora ng'ombe hata mmoja.